Mizani ikidai, picha isilipe

Mnisamehe kwa kupotea siku hizi mbili tatu. Nilikuwa Tanga kwa shughuli ya harusi, na mwenye kwenda harusini Tanga hana haki ya kurudi mapema. Lakini mimi sikwenda kula pilau tu, nilipewa kazi. Binamu yangu, ambaye anaishi Glasgow kule Uskoti, alikuwa anamuoa binti wa Ngamiani, na alitaka ndani ya kadi liwekwe shairi alilomtungia mwenyewe. Tatizo lilikuwa moja: alilitunga kwa Kiingereza.

Akanipigia simu. "Kaka, wewe ndiye mwandishi wa ukoo. Ligeuze liwe Kiswahili, lakini liwe shairi kweli, lenye vina na mizani, wazee wasije wakanicheka."

Nikamjibu hamna shida. Ndugu zangu, shida ilikuwapo, tena kubwa. Nimekesha nayo siku nne, na nimetoka nikiwa na msimamo ambao najua baadhi yenu mtaupinga: ukilazimika kuchagua kati ya picha za shairi na mizani yake, shika picha, mizani iende zake. Nitawaeleza kwa nini, kisha mnipige mawe.

Kwanza shairi lenyewe. Lilikuwa na mistari minane na picha tatu. Katika picha ya kwanza anamwambia mchumba wake kuwa yeye ni siku ya kiangazi. Katika ya pili yeye ni taa iliyowekwa dirishani usiku wa theluji, mtu akiwa njiani anaiona na kujua nyumba ni ile. Katika ya tatu yeye ni nanga yake. Basi. Si shairi la kushinda tuzo, lakini lilikuwa la kweli. Jamaa ameishi kule miaka sita, na taa za madirishani usiku wa theluji kaziona kwa macho yake akitoka kazini.

Nikaanza kama alivyotaka. Shairi letu la kawaida, ile tarbia tuliyofundishwa shule, lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, zilizogawanywa nane kwa nane, na kina cha kati na kina cha mwisho. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizipanga sheria hizi vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi*, na mpaka leo mzee wa pwani akisikia shairi anahesabu kimoyomoyo hata kama hajakisoma kitabu hicho. Baada ya usiku mzima nikapata ubeti huu:

Taa yako dirishani, ndiyo nuru moyo wangu,
Wewe ni wangu mwandani, ua la maisha yangu,
Nakupenda kwa yakini, wewe ndiwe tuzo langu,
Usitoke abadani, kaa nami, penzi langu.

Hesabuni wenyewe. Nane kwa nane, kila mshororo. Vina vimekaa, "ni" katikati na "ngu" mwishoni. Nilijiona Muyaka. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi nikalisoma tena huku nimeweka la Kiingereza pembeni, nikaona nilichofanya. Ile taa imebaki, lakini theluji haipo, njia haipo, na mtu aliyepotea hayupo, kwa hiyo taa yenyewe haina kazi. Kiangazi kimetoweka. Nanga imetoweka. Badala yake limeingia ua ambalo binamu yangu hakulitaja, na tuzo ambayo hakuitaja. Hata "nuru ya moyo wangu" imenyofolewa "ya" yake ili ienee. Ubeti huu unaweza kumpa mwanamke yeyote, wa Tanga, wa Lamu au wa Songea, toka kwa mwanamume yeyote. Mizani ilitimia, bwana harusi akatoweka.

Kwa nini ilitokea hivyo? Si uvivu wangu peke yangu. Maneno ya Kiingereza ni mafupi mno. Moyo, upendo, nyumba, mwanga, usiku, kwao kila moja ni silabi moja tu. Kwetu moyo ni mbili, nyumba mbili, upendo tatu, usiku tatu. Kile kipande cha "taa iliyo dirishani" kwa Kiingereza kilikuwa silabi tano, kwa Kiswahili ni tisa, kimekwishapita nusu mshororo kabla hujaeleza taa inamsubiri nani. Katika silabi nane Mwingereza anaweza kuingiza maneno sita au saba, Mswahili anaingiza matatu au manne. Kwa hiyo anayetafsiri kwa kufuata mizani hana budi kutupa mzigo baharini, na mzigo wa kwanza kutupwa huwa ni picha, kwa sababu picha inahitaji nafasi.

Halafu kuna vina. Kwa Kiingereza kina ni kazi, mtunzi akikipata anastahili kusifiwa. Kwetu vina viko bure. Ukiweka "ni" mwishoni una moyoni, rohoni, machoni, duniani, peponi na kadhalika mpaka kuche. Ndiyo maana kadi nyingi za harusi mnazopokea zinafanana. Kina kinamvuta mwandishi kwenye neno lililo karibu, na neno lililo karibu ni lile ambalo kila mtu ameshalitumia.

Haya basi, nikaitupa tarbia na kuanza na picha, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea.

Nilidhani picha ngumu itakuwa theluji. Nikaona ni lazima niibadilishe, kwani Tanga na theluji wapi na wapi? Nikawaza kuweka kusi, ule upepo mkali wa katikati ya mwaka unaochafua bahari mpaka wavuvi wengine wanalaza vyombo. Taa ya kumsubiri mvuvi wakati wa kusi ni picha safi kabisa ya pwani. Kuhusu kiangazi sikuwa na wasiwasi, nikatafsiri moja kwa moja: "wewe ni siku ya kiangazi."

Siku ya pili nikaenda Pangani kumwamkia bibi yake bi harusi. Kisingizio kilikuwa salamu, nia ilikuwa kumjaribia shairi. Yeye hajui Kiingereza, na yeye ndiye aliyemlea yule binti, kwa hiyo kama kadi haisemi kitu kwake, imeandikwa kwa ajili ya nani?

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba mwanangu. Haya, nisomee hayo maneno ya mkwe wangu."

Nikasoma. Kwenye kiangazi akanyanyua mkono. "Ngoja. Anamwita mjukuu wangu kiangazi? Ndiyo ukame huo? Visima vinakauka, majani yanakufa, watu wanalia na jua, ndiye mke huyo?"

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kamusi inakwambia kiangazi. Lakini kiangazi chetu ni jua la Januari na Februari, wakati wa kaskazi, vumbi na joto la kukutoa jasho umekaa. Wapenzi wa fasihi mnaijua soneti ya 18 ya Shakespeare, inayoanza kwa kumfananisha mpenzi na siku ya kiangazi. Iweke hivyo hivyo kwa Kiswahili mbele ya msomaji wa Handeni, uone kama ataona sifa au tusi.

Usiku ule nikampigia binamu. Nikamuuliza, ukisema kiangazi unaona nini? Akafikiri kidogo. "Mwanga," akasema. "Huku Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Unatoka kazini gizani, unaingia kazini gizani. Halafu inakuja Juni, saa nne usiku bado kweupe. Siku haitaki kuisha. Yule binti ndivyo alivyonifanya."

Kumbe! Joto halimo kabisa, ni mwanga mrefu baada ya giza refu. Na hilo sisi hatuna, kwa sababu Tanga iko kama digrii tano tu kusini ya Ikweta, jua letu linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Hakuna neno moja la Kiswahili linaloweza kubeba siku ya saa kumi na saba, maana hatujawahi kuwa nayo. Lakini mwanga unaorudi baada ya giza tunao. Ni ile asubuhi ya kwanza baada ya masika, wingu limefunguka, majani yanang'aa, na kila mtu anatoa godoro nje. Nikaiweka hiyo.

Na theluji? Nilipofika kwenye taa nilimsomea Bibi matoleo mawili, la kusi na la theluji. Nilitegemea achague kusi. Akasema, "Mume wake anakaa wapi?" Nikamwambia Ulaya, kwenye baridi. "Basi weka theluji. Ukiweka kusi nitadhani ni mvuvi."

Hapo ndipo nilipopata kanuni yangu, na ndiyo hasa ninayotaka mwondoke nayo. Picha ngeni haina hatari. Bibi hajapata kugusa theluji, lakini anajua ni baridi na ni nyeupe, na anaweza kumwona mtu ndani yake akitafuta nyumba. Hatari iko kwenye picha unayodhani ni yako. Kiangazi ni neno letu kabisa, kila mtu analijua, na ndiyo maana linapotosha, linamfikisha msomaji mahali pengine kabla hajashtuka. Kwa hiyo usijiulize kama kitu hiki kipo Tanga. Jiulize msomaji akilisikia neno hili atahisi nini, na je, ndicho alichohisi aliyeandika? Kama anahisi kile kile au hahisi kitu bado, acha neno. Kama anahisi kinyume, badilisha neno uokoe picha.

Ikabaki nanga. Kwa hii nilikwenda Sahare kwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi. Nikamwambia, mtu anamwita mkewe nanga yake. Mzee akanitazama sana. "Nanga huitupa kwenye tope, ikachafuka, wewe ukakaa juu umestarehe. Mke ndiye wa kutupwa?" Nikamuuliza, sasa nahodha anayempenda mtu angesemaje? Akajibu bila kufikiri: "Angesema ametia nanga."

Msipite haraka hapo. Kiingereza kinapenda kuweka sitiari kwenye nomino, wewe ni nanga, wewe ni mwamba, wewe ni nyota. Kiswahili nacho kinaweza, lakini nguvu yake mara nyingi iko kwenye kitenzi. Kutia nanga ni kufika. Kung'oa nanga ni kuondoka. Kutweka tanga ni kuanza safari, kutua tanga ni kuimaliza. Picha ni ile ile, bahari ile ile, ila kwa Kiingereza mke ndiye chuma na kwetu mume ndiye anayewasili. Maana yake ni moja, utulivu baada ya kuhangaika. Nilipokihamisha kile kitu kutoka kwenye nomino kwenda kwenye kitenzi, mstari ukaja wenyewe.

Hili ndilo lililochapishwa kwenye kadi:

Umenijia kama asubuhi
ya kwanza baada ya masika:
mawingu yamefunguka,
nuru haina haraka.
Usiku wa theluji, njia zimefutika,
niliona taa moja dirishani
nikajua kuna anayenisubiri.
Sasa natua tanga, natia nanga:
bandari yangu ni wewe.

Neno "nakupenda" halimo. Kwenye Kiingereza chake upendo ulitajwa mara tatu, na mimi nimeufuta mara zote tatu. Kwanza, kwetu itabidi uchague: mapenzi, mahaba au upendo? Mahaba mbele ya baba mkwe yanaleta kikohozi, na upendo pekee unaweza kusikika kama mahubiri. Pili, picha zikisimama sawasawa, mtu hahitaji kuambiwa kuwa anapendwa. Na tazameni "natua tanga, natia nanga." Tanga na nanga sikuvitafuta, na kwamba tanga la jahazi ni jina la mji wa bi harusi ni bahati ambayo nisingeipata kwenye ile tarbia, kwa sababu nisingekuwa na nafasi ya kufika huko.

Sasa nasikia baadhi yenu mnasema: hilo si shairi. Shangazi yangu alisema hivyo hivyo, tena vibaya zaidi. "Hii ni barua imekatwakatwa." Ni ugomvi mkongwe. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo waliwaka moto, na wengine hawajapoa. Mimi sina ugomvi na mizani. Ninachosema ni kwamba kutunga na kutafsiri ni kazi mbili. Ukitunga, picha na mizani vinazaliwa pamoja, unachagua picha inayoenea. Ukitafsiri, picha zimekwisha kuchaguliwa na mtu mwingine, katika lugha yenye vipimo vingine. Kumkabidhi nguo ya kipimo chako ni kumkata miguu ili suruali imkae.

Na wakubwa zetu walijua. Mwalimu Nyerere alipomleta Shakespeare kwa Kiswahili, *Julius Caezar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, hakumfunga kwenye tarbia, ingawa kutunga kwa vina alijua. Na hapa hapa Tanga tuna Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, ambaye mwaka 1952 alitoa *Omar Khayyam kwa Kiswahili*. Hakumchukua kutoka Kiajemi, alimchukua kutoka Kiingereza cha Edward FitzGerald, ambaye naye alikuwa ameunganisha beti za Khayyam na kuzipanga atakavyo. Yaani yale maneno yalikuwa yamekwisha hama nyumba mara moja kabla ya kufika kwetu. Nikifikiria safari hiyo najiuliza ni kitu gani kilichofika salama. Hesabu ya silabi za Kiajemi haikufika Tanga. Kilichofika ni kikombe, bustani, na mfinyanzi na udongo wake.

Lakini niwe mkweli, nimepoteza kitu, na msije mkasema sikuwaambia. Shairi la mizani linaimbika. Shangazi na wenzake wakipewa ile tarbia wangeitia mahadhi papo hapo, maana nane kwa nane ina nyimbo elfu zinazoisubiri. Langu halina wimbo. Kama shairi litaimbwa ukumbini, au kama uzuri wa lile la Kiingereza ulikuwa kwenye sauti yake na siyo kwenye picha zake, basi kanuni yangu haifai, itupeni.

Hasara ya pili niliiona dukani kwa mchapaji. Kijana aliyepanga kadi alikuta mistari haina urefu mmoja, akaona ni makosa, akaiunganisha yote iwe aya moja nadhifu. Tarbia isingeharibika hivyo, vina vyenyewe vinakuonyesha mshororo unaishia wapi. Shairi huru likipoteza mikato yake limekwisha. Nikamrudisha akatenganisha tena. Ndiyo maana pia sikuruhusu mstari upite herufi 40, kwani kadi ni nyembamba na mstari mrefu hujivunja wenyewe popote unapotaka. Ukifanya kazi kama hii, omba nakala ya mwisho uione kabla ya kuchapwa mia mbili.

Nilimalizie. Baada ya nikaha, kadi ikasomwa ukumbini. Nilikuwa nimejificha nyuma ya jagi la juisi. Msomaji akafika mwisho, "bandari yangu ni wewe," pakawa kimya kidogo. Kisha shangazi yangu, yule yule wa barua iliyokatwakatwa, akaurudia mstari ule kwa mahadhi. Wenzake wakaupokea. Wakaurudia tena, na vigelegele juu. Nikauhesabu kwenye vidole: ba-nda-ri-ya-ngu-ni-we-we. Mizani nane. Naapa sikuipanga.

Bibi wa Pangani alikuwa amekaa mbele. Nilipokwenda kumuaga akanishika mkono, akaniuliza jambo moja tu: "Huyo mtu wa taa dirishani, alifika?"

Nikamwambia amefika, Bibi, ndiye yule kwenye jukwaa.

Haya, walinzi wa vina, uwanja ni wenu. Alamsiki.